Opereta Ambaye "Hajawahi Kukumbana na Chochote"

Mgodi mkubwa wa Kanda ya Ziwa ukitangaza nafasi za maopereta, haipiti siku mbili kabla simu za vijana hazijajaa faili la "maswali na majibu ya usaili". Tangu kampuni ya Perseus iridhie mwaka 2025 kujenga mgodi wa Nyanzaga kule Sengerema, mafaili ya aina hiyo yamepata wasomaji wapya. Mengi yamejaa mambo yasiyo na madhara: taja kofia ngumu, buti, miwani na fulana ya kuakisi mwanga, eleza ukaguzi wa mashine kabla ya kuiwasha, sema hutatumia simu ukiwa kwenye usukani. Linapofika swali la nusura ajali, yaani tukio lililokaribia kuumiza mtu au kuharibu mali lakini halikufanya hivyo, ushauri unagawanyika. Mafaili ya zamani yanasema kana, kwa sababu ukikiri umejichongea. Ya siku hizi yanasema kubali, na yanakupa hadithi tayari ya mafuta yaliyomwagika sakafuni, ukayaona, ukaweka alama, ukaripoti, ukapongezwa.

Kwa maoni yangu kambi zote mbili zimelielewa vibaya swali hilo, na kwa bahati mbaya wasaili wengi nao wako humohumo. Haliulizwi ili kujua kama rekodi yako ni safi, wala kama unalijua neno "kuripoti". Linaulizwa ili kuona kama macho yako huiona hatari kabla haijazaa, na kama ukiiona mdomo wako hufunguka hata pale kufunguka kunapokugharimu. Anayesema hajawahi kukumbana na chochote baada ya miaka mitano kwenye usukani anatuambia moja kati ya mawili: haoni, au anaona na kunyamaza. Mwenye hadithi ya mafuta sakafuni hatuambii lolote mpaka tumuulize maswali manne zaidi, na hapo ndipo usaili mwingi unaposhindwa.

Tuchukue kazi moja ili tusiongee hewani. Opereta wa dampa kwenye mgodi wa wazi hubeba mawe taka kutoka shimoni hadi kwenye jaa, ambako hurudi kinyumenyume mpaka karibu na ukingo, hunyanyua bodi na kumwaga. Dampa la ukubwa wa Caterpillar 777, ambalo si kubwa kuliko yote, hubeba tani 90 hivi. Kinachomtenganisha opereta na mteremko ulio nyuma yake ni tuta la udongo na mawe. Kanuni inayotumika migodi mingi duniani ni kwamba urefu wa tuta usipungue nusu ya kipenyo cha tairi la gari kubwa kuliko yote yanayopita hapo. Tairi la 777 lina kipenyo cha karibu mita 2.7, kwa hiyo tuta linatakiwa lifike mita 1.35 au zaidi. Tuta hilo ni alama ya kukuonyesha ukingo ulipo. Si breki. Opereta anayelipiga kwa tairi la nyuma kila mara ili ajue amefika analibomoa kidogo kidogo, na mvua humsaidia kazi hiyo. Ndiyo maana kunatakiwa kuwe na tingatinga la kulirudishia, na opereta afundishwe kwamba tuta likionekana limepungua hasogei ukingoni: anamwaga mzigo mbali kidogo, halafu tingatinga linausukuma.

Sasa fikiria ni saa tisa usiku. Opereta anarudi nyuma, taa za jaa hazitoshi, na anahisi upande mmoja wa nyuma umezama kuliko kawaida. Anasimama. Anatoka taratibu kwenda mbele, ardhi inamkubalia, anapona. Hakuna aliyeumia, hakuna chuma kilichopinda, na gari lililo nyuma yake linasubiri zamu yake ya kumwaga. Hiyo ni nusura ajali ya kiwango cha kuua. Mbele yake ana njia mbili. Ya kwanza ni kusogea mita kumi pembeni, kumwaga, kurudi shimoni na kumaliza usiku na idadi nzuri ya safari. Ya pili ni kushika redio na kusema kwamba jaa hilo lisimame, kuwazuia madampa yaliyo nyuma yake, kumwita msimamizi wa zamu, kusubiri tingatinga, na baadaye kuandika ni wapi, saa ngapi, tuta lilikuwaje, ardhi ilikuwaje, na nini kimebaki hakijarekebishwa. Njia ya pili hula muda. Ekskaveta itasimama bila gari la kupakia, na kuna mtu atakayeuliza kwenye redio kwa sauti isiyo ya upole ni nani amesimamisha kazi.

Mtu aliyewahi kupita hapo hulisimulia kwa namna yake. Ukimuuliza alichokiona kwanza, atakuambia jambo la mwilini au la machoni: kiti kiliinama, taa ya nyuma ilimulika hewani badala ya kumulika udongo. Ukimuuliza aliifanyia nini mashine, atasema hakukunja usukani, au kwamba alikosea kwanza kisha akajirekebisha. Ukimuuliza alimwambia nani, atataja njia na cheo: redio ya jaa, kisha msimamizi. Ukimuuliza zamu iliyofuata ilikuta nini, atajua, kwa sababu yeye ndiye aliyeulizwa asubuhi. Na hadithi yake itakuwa na mtu aliyekasirika. Hadithi ya kukariri haina mtu wa namna hiyo. Ndani yake kila mmoja hushukuru. Nimewahi kuketi upande wa wasaili, na alama niliyojifunza kuiheshimu kuliko zote ni hiyo: msailiwa anapofika kwenye sehemu ya kuripoti, je, sauti yake inakuwa nyepesi kama amefika mwisho wa sala, au inakuwa nzito kidogo kwa sababu anakumbuka ilivyomgharimu?

Kuna jibu lingine linalowapendeza wasaili na ambalo kwangu ni la hatari kuliko kukana. Ni jibu la shujaa: gari lilianza kuteleza, nikatumia uzoefu wangu, nikaliokoa. Uzoefu ulioliokoa gari usiku ule hausaidii lolote kwa opereta wa nyuma yake ambaye atarudi kwenye ukingo uleule baada ya dakika sita.

Wanaopinga uzito ninaoupa swali hili wana hoja, na nyingine ni nzito. Wa kwanza ni wasailiwa wenyewe: wanasema jopo likisikia ulikaribia kuangusha dampa litamchukua mwenzako ambaye hakukaribia kuangusha chochote. Hili hutokea. Wapo wasaili wanaoandika "mzembe" kabla mtu hajamaliza sentensi. Lakini anayechagua kukana kwa sababu hiyo anajiuza kwa jopo ambalo litamtendea vivyo hivyo kazini, siku atakapokuwa na jambo la kusema na mkataba wa kulinda.

Hoja ya pili ni ya wenzake wa kazini, na ndiyo ninayoiona ngumu. Kuripoti ni kuchomana. Tuta halikupungua lenyewe. Kuna dereva wa tingatinga ambaye hakufika, na kuna msimamizi aliyejua. Ukiandika karatasi, kesho mmoja wao ataitwa ofisini. Katika sehemu ambayo mtu anasomesha wadogo zake kwa mshahara huo, kumwita mtu mwoga kwa sababu alinyamaza ni dharau. Jawabu la hoja hii haliko kwa opereta. Liko kwenye namna taarifa inavyopokewa. Usafiri wa anga nchini Marekani uliliona tatizo hili zamani. Mwaka 1976 ulianzishwa mfumo wa marubani kuripoti makosa na matukio ya karibu, na ukawekwa mikononi mwa shirika la anga za juu, NASA, badala ya mamlaka inayotoa adhabu. Majina huondolewa, na rubani aliyevunja kanuni bila kukusudia akaripoti ndani ya siku 10 hatozwi faini wala leseni yake haisimamishwi, mradi kosa lenyewe si jinai wala si ajali. Taarifa zikamiminika. Katika ukanda wetu, sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumwachisha kazi au kumbagua mfanyakazi kwa sababu tu alilalamika kuhusu jambo aliloona si salama. Karatasi peke yake haimlindi mtu na msimamizi mwenye kinyongo, lakini angalau inatuonyesha upande wa kusukuma.

Ya tatu ni ya kitaalamu. Mafunzo mengi ya usalama bado yanaanza na mchoro wa piramidi uliotokana na maandishi ya Mmarekani Heinrich mwaka 1931: kwa kila jeraha kubwa 1, kuna madogo 29 na matukio 300 yasiyojeruhi. Kutokana na hapo watu wakahitimisha kwamba ukipunguza ya chini, ya juu hupungua yenyewe, na kampuni zikaanza kudai kila mfanyakazi alete kadi kadhaa za nusura ajali kwa mwezi. Wakosoaji wanasema hesabu hiyo inapotosha, nami nakubaliana nao. Kadi mia za watu waliojikwaa kwenye ngazi ya ofisi haziokoi dampa lililo ukingoni, kwa sababu kinachomkwaza mtu ngazini si kinachobomoa tuta. Ila ukosoaji huo haulifuti swali la usaili, unalinoa. Msaili asiulize "umeripoti mangapi?" Aulize lile ambalo, kama bahati ingegeuka kidogo tu, lingeua. Opereta anayetoa mfano wa kujikwaa ilhali amefanya kazi majaani kwa miaka, ama amechagua mfano mwepesi kwa makusudi au hajui kupima uzito wa hatari. Vyote viwili ni vya kufuatilia.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo ninayoisikia mara nyingi zaidi, na husemwa kwa upole na watu wazima walioona mengi: ajali haina kinga, Mungu akipanga amepanga, mwajiri achague mwenye leseni na uzoefu, mengine ni maneno. Wanaosema hivi wakisome kilichotokea kwenye kiwanda cha kusafishia mafuta cha BP huko Texas City, Marekani, tarehe 23 Machi 2005. Waliokuwa kazini walikuwa maopereta wenye uzoefu. Watu 15 walikufa na 180 wakajeruhiwa, na bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilipofukua, ilikuta kwamba kinga kadhaa zilizoshindwa siku hiyo zilikuwa zimeshaonekana zikishindwa kabla.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwasha upya mtambo uliokuwa umezimwa kwa matengenezo. Usiku, opereta wa zamu alijaza kimiminika kwenye mnara wenye urefu wa mita 52 kupita kiwango kilichoelekezwa, kwa sababu walishazoea kufanya hivyo ili wasiishiwe wakati wa kuwasha. Kengele moja ya kiwango cha juu ililia, ya pili ilikuwa mbovu na haikulia. Opereta kiongozi aliondoka kabla zamu yake haijaisha. Kitabu cha kukabidhiana zamu kilibaki na mstari mmoja, usiosema kimiminika kimefika wapi wala mabomba gani yamejazwa. Msimamizi wa asubuhi alichelewa na hakukabidhiwa lolote. Baadaye akaondoka kwa dharura ya kifamilia, na hapakuwekwa mwenye uzoefu wa kushika nafasi yake. Opereta aliyekuwa mbele ya skrini alikuwa amefanya kazi zamu za saa 12 kwa siku 29 au zaidi mfululizo. Kwa karibu saa tatu mafuta yaliingia mnarani huku njia ya kutokea imefungwa, na kipimo, ambacho kiliweza kusoma sehemu ya chini tu ya mnara, kikamwonyesha kwamba kiwango kinashuka. Kimiminika kikafurika, kikatoka kwenye bomba la juu lililokuwa wazi, wingu la mvuke likatandaa na kuwaka saa 7:20 mchana.

Sehemu inayohusu hoja yangu ni hii. Katika mara nyingi za kuwasha mtambo huo miaka iliyotangulia, kimiminika kilipita upeo wa kipimo vilevile. Kila mara ilikuwa nusura ajali. Haikuchunguzwa hata moja kama nusura ajali, kwa sababu kila mara mambo yaliishia vizuri na watu wakaenda nyumbani. Uzoefu haukuwafundisha kwamba kujaza kupita kiasi ni hatari. Uliwafundisha kwamba hakuna kitu. Hivyo ndivyo uzoefu unavyofanya kazi usipoandikwa. Na siku yenyewe, baadhi ya wafanyakazi wa makandarasi walikuwa wametoka kwenye chakula cha mchana cha kusherehekea mwezi mzima bila mtu kuumia kiasi cha kukosa kazi.

Texas City inatuonyesha pia kwa nini nidhamu ya zamu si suala la kuwahi basi la wafanyakazi tu, ingawa usaili wetu huishia hapo. Msailiwa huulizwa "unachukuliaje muda wa kazi?" naye hujibu kwamba yeye hufika dakika 15 kabla. Swali lenye meno ni jingine: zamu imekwisha saa 12 asubuhi, mwenzako hajafika, msimamizi anakuomba uendelee kidogo, unafanyaje? Faili la majibu linasema "nitaendelea, kwa sababu najituma". Hilo ni jibu la mtu atakayekuwa amelala macho wazi ifikapo saa mbili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamzuia mwajiri kumruhusu mfanyakazi afanye kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, na opereta wa mgodini kwa kawaida ameshazimaliza kengele inapolia. Jibu la mtu wa kazi ni kuliegesha gari mahali palipopangwa, kuzima, kufunga breki, kumweleza msimamizi hali ya gari na barabara, na kutoondoka mpaka awepo mtu wa kupokea maelezo hayo, hata kama mtu huyo ni msimamizi mwenyewe. Maelezo yanaweza kuchukua dakika nne: breki ya upande huu inavuta, jaa la kaskazini tuta limeshuka, kuna gari dogo la wapimaji linazunguka barabara ya chini. Mstari mmoja hautoshi, na msaili anaweza kulipima hilo palepale. Ampe msailiwa karatasi na kalamu, amsimulie tukio kwa dakika mbili, amwambie aandike cha kumwachia wa zamu ijayo. Usaili wa opereta unaofanyika kwa mdomo tupu haupimi kazi ambayo nusu yake ni kuacha maandishi yanayoeleweka na mtu aliyetoka usingizini.

Hapa wasaili wasikwepe sehemu yao. Ubao ulioko getini unaoonyesha siku zilizopita bila ajali, ukiunganishwa na posho ya zamu nzima kwa kutokuwa na tukio, humfanya anayeripoti awe ndiye aliyekula posho ya wenzake. Kampuni inayolipa kwa ukimya haiwezi kumuuliza msailiwa kwa uso mkavu kama yeye ni mtu wa kuripoti. Ikiwa lazima kuwe na posho, ifungwe kwenye kazi inayoonekana: hatari ngapi zilizoripotiwa zimerekebishwa kabla ya zamu mbili kupita, madampa mangapi yalikaguliwa na kasoro zake zikafungwa. Idadi ya majeraha itajihesabu yenyewe.

Kwa vijana wanaojiandaa na usaili sasa hivi, ningeshauri watupe hadithi ya mafuta sakafuni na watafute moja ya kwao, hata kama ni ya trekta la shambani au lori la mchanga, waikumbuke mpaka kwenye sehemu inayoaibisha. Na mwishoni, jopo linapouliza "una swali?", badala ya kuuliza mshahara unaingia tarehe ngapi, waulize hili: mara ya mwisho opereta aliposimamisha jaa au barabara usiku, nini kilifuata? Jopo linalojua kazi litataja mahali, litataja kilichobadilishwa, na pengine mmoja wao atacheka kwa kukumbuka nani aligombana na nani. Jopo lisilojua litasema usalama ni kipaumbele chao namba moja.